Uzito Nyuma ya Ekseli: Abiria na Mzigo juu ya Pikipiki katika Mteremko wa Bugarama

Barabara Kuu ya Taifa Namba 1, ijulikanayo kwa kifupi chake cha Kifaransa kama RN1, hutoka Bujumbura, mji uliokaa kando ya Ziwa Tanganyika ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ikapanda kwa kona mfululizo hadi Bugarama, kwenye ukingo wa milima inayozidi mita 2,000, kabla ya kuendelea kuelekea Kayanza na mpaka wa Rwanda. Ni barabara hiyo inayoteremsha mjini kabichi, viazi, ndizi na makaa kutoka nyanda za juu, na mizigo hiyo haisafiri kwa malori peke yake: waendesha baiskeli huishusha kwa mafungu makubwa kuliko miili yao, na motari, kama anavyoitwa dereva wa pikipiki ya abiria katika miji ya eneo hili la maziwa makuu, mara nyingi huteremka akiwa na mtu nyuma yake na gunia nyuma ya mtu huyo. Safari hiyo ya pikipiki ndiyo inayochunguzwa hapa, kwa kuwa maswali yote matatu ya ubebaji, yaani upepo wa tairi, ugumu wa springi na namna ya kuendesha, hukutana katika mteremko huo mmoja na hakuna hata moja linaloweza kujibiwa peke yake.

Pikipiki zinazotumika zaidi kwa kazi hii Bujumbura, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ni zile za India za injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, mfano Bajaj Boxer na TVS HLX, ambazo uzito wake zikiwa tayari kwa safari huwa kati ya kilo 105 na 125 hivi. Mzigo ambao mtengenezaji ameukubali kwa aina hizi, ukihesabiwa pamoja na dereva mwenyewe, kwa kawaida huwa katika kiwango cha kilo 130 hadi 150, na idadi kamili huandikwa katika kijitabu cha pikipiki. Maneno hayo, pamoja na dereva mwenyewe, husahaulika kwa urahisi, ilhali ndiyo yanayoamua kila kitu, kwa sababu dereva wa kilo 65 na abiria wa kilo 65 wamekwisha kuijaza nafasi yote, au karibu yote, kabla ya gunia lolote kupandishwa.

Hata hivyo, jumla ya kilo haitoshi kueleza hatari, kwa kuwa pikipiki husimama juu ya sehemu mbili tu za mguso, kila moja ikiwa na upana wa kiganja au pungufu, na kilo zilezile hufanya kazi tofauti kabisa kulingana na mahali zilipowekwa kati ya sehemu hizo. Ekseli, yaani ule mhimili wa chuma unaopita katikati ya gurudumu, ndiyo alama ya kupimia. Uzito ulio mbele ya ekseli ya nyuma hugawanywa kati ya magurudumu mawili. Ulio juu yake kabisa hubebwa wote na gurudumu la nyuma. Na ulio nyuma yake hubebwa na gurudumu la nyuma kwa zaidi ya uzito wake halisi, kwa sababu hufanya kama mtoto aliyekaa kwenye ncha ya pembea ya ubao: huku anashuka, kule ananyanyua. Kile anachokinyanyua ni gurudumu la mbele, ambalo ndilo linaloelekeza pikipiki na ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha.

Hesabu moja itaonyesha jambo hili kwa uwazi. Ichukuliwe pikipiki ya kilo 115 yenye sentimita 125 kati ya ekseli mbili, ambayo ikiwa tupu huweka kilo 52 mbele na 63 nyuma. Dereva wa kilo 65, ambaye kitovu cha uzito wake kiko sentimita 45 mbele ya ekseli ya nyuma, huongeza kilo 23 mbele na 42 nyuma, hivyo pikipiki yenye dereva peke yake ina kilo 75 mbele na 105 nyuma. Anapopanda abiria wa kilo 65, aliyekaa sentimita 10 tu mbele ya ekseli, kilo 5 huenda mbele na 60 hubaki nyuma, na mgawanyo huwa 80 kwa 165. Mpaka hapo gurudumu la nyuma limeelemewa lakini la mbele halijapoteza kitu. Sasa gunia la viazi la kilo 50 linapofungwa kwenye keria, kitovu chake kikiwa sentimita 25 nyuma ya ekseli, gurudumu la nyuma hupokea kilo 60 badala ya 50 na lile la mbele hunyang'anywa kilo 10. Mwisho wake ni kilo 70 mbele na 225 nyuma, katika pikipiki yenye jumla ya kilo 295. Yaani chombo kimeongezewa kilo 115 za abiria na gunia, na bado gurudumu la usukani limekuwa jepesi kuliko lilivyokuwa dereva alipokuwa peke yake.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia njia iliyo bora. Dereva asiye na abiria akiliweka gunia hilo la kilo 50 juu ya kiti, sentimita 15 mbele ya ekseli, gurudumu la mbele litakuwa na kilo 81 na la nyuma 149. Akiliweka gunia lilelile kwenye keria, la mbele litabaki na 65 na la nyuma litabeba 165. Hakuna kilo iliyoongezwa wala kupunguzwa, bali sentimita 40 tu za kulisogeza gunia. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mfungaji mizigo ni kuusogeza mzigo mbele na kuushusha chini kadiri kiti na nguzo za pembeni zinavyoruhusu, na keria kuiachia vitu vyepesi. Na ndiyo maana abiria na gunia zito haviendi pamoja, kwa kuwa abiria ndiye anayekalia mahali pekee ambapo gunia lingeweza kukaa salama.

Baada ya hapo ndipo inafaa kuzungumzia tairi. Tairi haibebi mzigo kwa mpira wake bali kwa hewa iliyomo, na upepo ukiwa mdogo kuliko mzigo unavyotaka, kuta za pembeni za tairi hujikunja na kujikunjua kila mzunguko mmoja, msuguano huo wa ndani huzaa joto, na joto hilo hulegeza nyuzi zinazoishika tairi pamoja. Kwa pikipiki za aina iliyotajwa, maelekezo ya watengenezaji huwa karibu na psi 25 mbele, psi 28 nyuma kwa dereva peke yake, na psi 32 nyuma kwa dereva na abiria, psi ikiwa ni kipimo cha msukumo wa hewa ambacho kwenye baadhi ya vipimio husomwa kwa bari, yaani takriban bari 1.7, 1.9 na 2.2. Kiwango hasa cha kila pikipiki kimeandikwa kwenye kijitabu chake, na mara nyingi pia kwenye kibandiko kilicho karibu na cheni, nacho ndicho cha kufuatwa. La kuzingatia ni kwamba tairi ya mbele haiongezwi kitu au huongezwa kidogo sana, kwa sababu, kama hesabu ilivyoonyesha, abiria haongezi mbele zaidi ya kilo chache, na tairi ya mbele iliyojazwa kupita kiasi huku ikiwa imebeba uzito mdogo hurukaruka juu ya mashimo na kupoteza mshiko pale inapohitajika zaidi.

Upepo upimwe kwa kipimio, tairi ikiwa baridi, yaani kabla pikipiki haijatembea au baada ya kupumzika saa kadhaa. Kubonyeza kwa kidole gumba au kuipiga tairi teke hakumwambii mtu tofauti kati ya psi 24 na psi 32, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha tairi inayobeba abiria na tairi inayochemka. Dereva anayepima katikati ya safari atakuta kipimio kimepanda kwa psi kadhaa kutokana na joto, na kosa lake huwa ni kupunguza. Upepo huo wa ziada umekwisha kuhesabiwa na mtengenezaji, na akiutoa, tairi itakuwa pungufu pindi itakapopoa. Wapo pia wanaojiuliza kama tairi iliyojazwa Bugarama itapungua mjini, kwa kuwa hewa ya nje chini ya mlima ni nzito zaidi. Kwa kweli kushuka mita 1,300 hupunguza usomaji wa kipimio kwa karibu psi 2, lakini joto la Bujumbura, ambalo huizidi Bugarama kwa nyuzi kadhaa, hurudisha sehemu kubwa ya kiasi hicho, hivyo tofauti inayobaki ni ndogo na dereva hana sababu ya kubahatisha.

Dalili za upepo mdogo huonekana kwa macho kabla ya tairi kupasuka. Tairi zenye tyubu, ambazo bado ndizo nyingi kwenye pikipiki za kazi, zikikosa upepo wa kutosha huteleza kidogo kidogo juu ya rimu kila dereva anapokaza breki au kuondoka kwa nguvu, na tyubu huvutwa pamoja na tairi huku vali, ile njia ya chuma ya kuingizia upepo, ikibaki imeshikwa na tundu la rimu. Matokeo ni vali iliyoinama. Asubuhi dereva akiinama kando ya gurudumu la nyuma na kukuta vali imelala upande mmoja badala ya kusimama wima kuelekea katikati ya gurudumu, amekwisha kuarifiwa kwamba jana alibeba mzigo kwa upepo usiotosha na kwamba tyubu iko karibu kuchanika shinani mwa vali, mahali ambapo kiraka hakishiki na upepo hutoka wote kwa mara moja. Mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na gereji ni nyingi, wanaweza kuilegeza tairi na kuinyoosha vali kwa dakika chache, lakini tairi isipoongezewa upepo, vali itainama tena kabla ya jioni.

Tairi yenyewe ina kikomo ambacho hakuna pampu inayoweza kukivuka. Kwenye ubavu wa tairi ya nyuma huandikwa ukubwa wake na kufuatiwa na namba na herufi, mfano 3.00-17 50P. Namba 50 hapo si kilo hamsini bali ni alama ya jedwali la kimataifa, na maana yake ni kwamba tairi hiyo, ikiwa imejazwa upepo wake wa juu kabisa, inaruhusiwa kubeba kilo 190. Namba 47 ni kilo 175, na 41 ni kilo 145. Pikipiki ya mfano uliotolewa, ikiwa na dereva na abiria, huweka kilo 165 nyuma, jambo ambalo tairi ya namba 50 hulimudu. Ikiongezewa gunia kwenye keria hufikia kilo 225, na hapo hata kama ingejazwa mpaka mpira ukawa mgumu kama jiwe, ingekuwa imezidishiwa kilo 35 juu ya kikomo chake, bila kutaja spoki na rimu ambazo nazo hupokea pigo la kila shimo kwa uzito huo wote. Dereva anayenunua tairi ya bei nafuu bila kusoma namba hiyo anaweza kurudi nyumbani na tairi yenye umbo lilelile na alama ya 41, ambayo haiwezi hata kumbeba abiria mmoja kwa halali.

Sehemu ya pili ni vifyonza-mshtuko, ambavyo mafundi huviita shokapu. Kila shokapu ina vitu viwili vinavyofanya kazi tofauti: springi, inayobeba uzito, na silinda yenye mafuta, inayozuia springi isiendelee kucheza baada ya kubonyea. Chini au juu ya springi ya nyuma kuna pete yenye ngazi, mara nyingi tano, inayozungushwa kwa spana ya ndoano iliyomo katika mfuko wa vifaa vya pikipiki. Kuzungusha pete hiyo kwenda ngazi ya juu huibana springi kabla ya mzigo kupanda, na hapa kuna dhana isiyo sahihi inayohitaji kurekebishwa: pete haiifanyi springi kuwa ngumu zaidi wala haiongezi kilo ambazo pikipiki imeruhusiwa kubeba, bali huinyanyua nyuma ya pikipiki ili, baada ya abiria kukaa, shokapu ibaki na nafasi ya kubonyea inapokutana na shimo. Bila nafasi hiyo, shokapu hugonga mwisho wake, na pigo la shimo hupitia moja kwa moja kwenye rimu, kwenye fremu na kwenye uti wa mgongo wa abiria.

Kujua ngazi inayofaa hakuhitaji kifaa zaidi ya futikamba na mtu wa kusaidia. Pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likining'inia, hupimwa urefu kutoka ekseli ya nyuma kwenda juu mpaka alama iliyowekwa kwenye fremu. Tuseme ni sentimita 52; kipimo hicho huandikwa. Kisha pikipiki hushushwa, dereva na abiria hukaa kama watakavyosafiri, na msaidizi hupima tena. Shokapu za nyuma za pikipiki hizi zina takriban sentimita 10 za kubonyea, na inafaa theluthi moja ya hizo, au zaidi kidogo, itumike na uzito wa watu, nyingine zote zibaki kwa ajili ya barabara. Kipimo cha pili kikiwa sentimita 48 na nusu, pete imekaa vizuri. Kikiwa 46, zaidi ya nusu ya nafasi imekwisha kuliwa kabla ya safari kuanza, na pete ya kila upande inatakiwa kupandishwa. Pande zote mbili lazima ziwe ngazi moja, kwani zikitofautiana, mkono unaoshika gurudumu la nyuma husokotwa na pikipiki huvuta upande mmoja. Pete ikiwa imefika ngazi ya mwisho na bado pikipiki imelala, jibu si kufunga kipande cha mpira kati ya mizunguko ya springi, kama inavyofanyika mara nyingi, kwa kuwa kipande hicho huzuia sehemu ya springi isifanye kazi na kuilazimisha sehemu nyingine ibonyee kupita kiasi mpaka ikatike; jibu ni kwamba mzigo umezidi, au springi zimechoka na zinahitaji kubadilishwa.

Silinda ya mafuta hukaguliwa kwa njia nyingine. Nyuma ya pikipiki ikisukumwa chini kwa mikono miwili na kuachiwa ghafla, inatakiwa kupanda mara moja na kutulia. Ikipanda, ikashuka na kupanda tena, mafuta yamevuja au yamezeeka, na kwa kawaida utelezi mweusi ulioshika vumbi huonekana kwenye chuma cheupe cha shokapu. Pikipiki yenye shokapu ya namna hiyo huweza kuonekana nzuri ikiwa na dereva peke yake, lakini katika kona ndefu ikiwa na abiria huanza kuyumba taratibu, nyuma ikienda huku na huku kama mkia wa samaki, na dereva asiyejua chanzo hukaza breki, jambo linaloongeza yumbo hilo badala ya kulituliza. Kinachotakiwa ni kurudisha mkono wa mafuta polepole, kushika usukani imara bila kukakamaa, na kuiacha kasi ishuke yenyewe.

Nyuma ya pikipiki ikilala, mambo mengine mawili hubadilika ambayo ni rahisi kupuuzwa. Taa ya mbele huinuka: nyuma ikishuka sentimita 3 zaidi ya mbele, mwanga unaofika mita 25 mbele hupanda kwa karibu sentimita 60, hivyo dereva haoni shimo lililo karibu na wakati huohuo anampofusha dereva wa lori linalopanda. Cheni nayo hukaza, kwa kuwa gurudumu la nyuma linapopanda ndani ya fremu umbali kati ya giaboksi na ekseli huongezeka kidogo mpaka vitu hivyo vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Cheni iliyorekebishwa pikipiki ikiwa tupu inaweza kuwa imekaza kama uzi wa ngoma abiria akiwa amekaa. Kwa hiyo mlegeo wa cheni, ambao kwa pikipiki nyingi za aina hii huwa karibu na milimita 25 hadi 35 katikati yake, ukaguliwe mara nyingine mzigo ukiwa juu.

Vyote hivyo vikiwa sawa, bado kuna mteremko. Pikipiki yenye dereva na abiria, jumla kilo 245, inaposhuka mita 1,300 kutoka nyanda za juu hadi ziwani, hutoa nishati ambayo kama yote ingegeuka joto ingetosha kuchemsha takriban lita 9 za maji kutoka ubaridi wa kisima hadi kutokota. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo wa njiani, sehemu huchukuliwa na injini iwapo dereva ataiacha ifanye kazi hiyo, na iliyobaki yote huingia katika breki, ambazo katika nyingi ya pikipiki hizi ni breki za ngoma, yaani bakuli la chuma lenye kipenyo cha milimita 110 au 130 ambalo ndani yake viatu viwili hutanuka na kusugua. Ngoma ikipata joto hutanuka na kujitenga na viatu, na utando wa viatu hupoteza ukali wake. Dereva hutambua hali hiyo kwa mpini wa breki kuzidi kusogea karibu na usukani, kwa kulazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi ili kupata kile alichokipata kilomita moja nyuma, na kwa harufu ya kitu kinachoungua. Hapo hakuna budi kusimama kando, mahali palipo wazi, na kusubiri ngoma ipoe kwa hewa. Kuimwagia maji kunaweza kuipinda au kuipasua.

Njia ya kutofika huko ni gia. Pikipiki iliyoelemewa iteremshwe kwa gia ambayo ingehitajika kuupanda mlima uleule, kwa kawaida ya pili au ya tatu, mkono wa mafuta ukiwa umefungwa, ili injini inayozunguka bila kulishwa ishikilie kasi. Breki zitumike zote mbili, kwa kushika kwa nguvu ya kutosha mpaka kasi ishuke, kisha kuachia kabisa ili ngoma zipumue, badala ya kuegemeza mguu kwenye pedali kutoka kona hadi kona. Katika miaka ya hivi karibuni, ambapo uhaba wa petroli umeisumbua Burundi kwa vipindi virefu, kishawishi cha kuzima injini na kushuka kwa mtelezo kimekuwa kikubwa, na mtu anayepanga foleni ndefu kwa ajili ya lita chache hastahili kulaumiwa kwa kukihisi. Lakini hesabu haimsaidii, kwa kuwa kabureta, mkono wa mafuta ukiwa umefungwa, hupitisha petroli kidogo sana, ilhali kuzima injini na kuweka gia huru kunaziachia ngoma mbili kazi yote ya kushikilia kilo 245.

Umbali wa kusimama nao unatakiwa kufahamika kwa namba. Dereva wa peke yake aliye na kasi ya kilomita 60 kwa saa, ambaye breki zake zinaweza kumsimamisha kwa mita 23 kwenye tambarare baada ya kuzikamata, akiwa na abiria na nguvu ileile ya breki kwenye mteremko wa asilimia 7 atahitaji mita 37, na akiwa na abiria na gunia, karibu mita 46. Kwa kila moja ya hizo kuna mita 17 za kuongeza, ambazo pikipiki huzipita katika sekunde moja ya dereva kuona na kuamua. Kupunguza kasi hadi kilomita 40 hurudisha umbali wa dereva mwenye abiria hadi karibu mita 17 bila sekunde hiyo, yaani pungufu ya ule wa dereva wa peke yake kwenye tambarare, na hakuna urekebishaji wa gereji unaoweza kutoa nafuu kubwa kiasi hicho. Breki ya nyuma, ambayo kwa dereva wa peke yake husaidia kidogo, hupata nguvu zaidi abiria akiwa juu yake, kwa sababu gurudumu lililoelemewa halifungi upesi. Ile ya mbele ikamatwe kwa kukaza taratibu, si kwa mshtuko, hasa pale ambapo ukungu wa Bugarama umelowesha lami.

Abiria mwenyewe ni sehemu ya mzigo inayojongea, na dakika moja ya maelekezo kwake ina thamani. Apande dereva akiwa ameweka miguu yote miwili chini na kumruhusu. Akae karibu na mgongo wa dereva, si kwenye ncha ya kiti, kwa kuwa kila sentimita anayosogea mbele inarudisha uzito kwenye usukani. Aweke nyayo kwenye vikanyagio, ashike kiuno cha dereva au chuma cha pembeni, na katika kona atazame juu ya bega la dereva la upande inakoelekea kona, tendo ambalo huufanya mwili wake uiname pamoja na pikipiki bila kufikiri. Mwanamke aliyevaa kitenge apande miguu ikiwa pande mbili na akunje pindo chini ya mapaja, kwani kukaa upande husogeza kilo zote za miguu kushoto au kulia, na pindo likinaswa na cheni au spoki huvuta mtu mzima.

Kuhusu gunia, lifungwe kwanza kwa kamba ya katani isiyovutika, kwenye nguzo za fremu na si kwenye taa au vikanyagio, kisha mikanda iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu ipite juu yake kulikaza. Mikanda hiyo ya mpira ikitumika peke yake, kama ilivyo kawaida, hushikilia gunia pikipiki inaposimama lakini huliachia licheze katika kona, na gunia linalocheza sekunde moja nyuma ya pikipiki humfikia dereva wakati anainuka kutoka kwenye kona na kumlaza tena. Madumu ya mawese yanayotoka upande wa Rumonge yana tatizo la kwao: dumu lililojaa pomoni hutulia, lakini lililojaa nusu husukuma mafuta yake mbele na nyuma kila breki inapokamatwa, hivyo ni afadhali kubeba dumu moja lililojaa kuliko mawili yenye nusu nusu.

Mwezi Machi 2022 pikipiki za abiria, baiskeli na bajaji zilipoondolewa katikati ya Bujumbura, kazi ya motari ilisogea nje ya eneo hilo, na katika barabara za milimani miteremko ni mikali. Kwa dereva anayefanya kazi huko, hesabu ya kilo 70 mbele na 225 nyuma inabaki na jibu moja: abiria ateremke na pikipiki, na gunia la kilo 50 lisubiri safari ya pili au lipande lori.